Homa Inayoondoka Kisha Ikarudi: Vijidudu Vinavyoikwepa Kinga ya Mwili

Papasi hang'ang'anii ngozini siku nzima kama kupe wa ng'ombe. Mchana hujificha kwenye nyufa za kuta na sakafu za udongo. Usiku hutoka, humnyonya aliyelala, akashiba, akarudi ufani kabla mtu hajaamka. Anayeumwa naye huenda asijue kabisa, mpaka siku kadhaa baadaye homa kali inapompanda, kichwa kikamgonga na viungo vikamuuma.

Homa hiyo ya papasi ina mwenendo wa ajabu. Humshika mtu kwa takriban siku tatu, kisha hushuka ghafla huku mgonjwa akitoka jasho jingi. Wiki moja hivi hupita akijiona amepona. Halafu homa hurudi, na inaweza kurudi tena na tena.

Anayeileta ni bakteria mwembamba aliyejiviringa kama skrubu, Borrelia duttonii. Jina hilo linamkumbuka Everett Dutton, daktari Mwingereza aliyefariki mwaka 1905 huko Kasongo, Kongo, baada ya kuambukizwa homa hiyohiyo aliyokuwa akiichunguza. Mwaka huohuo Robert Koch, akifanya kazi katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, aliwakuta bakteria hao hata ndani ya mayai ya papasi. Lakini kwa nini homa iondoke kisha irudi? Jibu la swali hilo lilichukua miongo mingi.

Homa inapofika kileleni, mililita moja tu ya damu inaweza kuwa na bakteria zaidi ya milioni. Mwili nao haukulala. Unatengeneza kingamwili, yaani protini zinazomtambua adui kwa umbo la kitu kilicho juu ya ngozi yake. Kwa Borrelia, kitu hicho ni protini moja iliyomfunika mwili mzima. Kingamwili zikishatosha, bakteria huuawa kwa wingi ndani ya saa chache, na hapo ndipo homa inaposhuka.

Wachache husalimika. Ndugu wa bakteria huyu aliyechunguzwa zaidi, Borrelia hermsii wa Amerika Kaskazini, ana jeni nyingi za protini hiyo ya juu, na kila moja ina umbo lake. Inayofanya kazi ni ile tu iliyo mahali maalumu karibu na ncha ya uzi wa vinasaba. Nyingine zote zimenyamaza. Mara mojamoja, nakala ya jeni iliyonyamaza huandikwa juu ya ile inayofanya kazi, na bakteria huyo akaanza kuvaa protini mpya. Hutokea kwa takriban bakteria mmoja kati ya elfu moja hadi elfu kumi katika kila kizazi. Mabadiliko hayo hayasubiri kingamwili zifike, bali hutokea kwa bahati. Kingamwili zinapokuja, huwamaliza wenye protini ya zamani na kuwapita wenye mpya bila kuwagusa. Hao ndio wanaozaana kimyakimya katika ile wiki ya nafuu.

Mwaka 1982 watafiti katika maabara ya Rocky Mountain, jimbo la Montana nchini Marekani, walionyesha jambo hilo kwa panya. Kutokana na bakteria mmoja tu, walipata aina 24 zilizotofautiana kwa protini ya juu.

Kwa mganga na mgonjwa, mwenendo huu una athari za moja kwa moja. Damu ikichukuliwa wakati homa iko juu, bakteria huonekana kwenye slaidi ileile inayotumika kutafuta malaria. Ikichukuliwa siku za nafuu, mara nyingi hawaonekani. Na aliyepewa dawa ya malaria siku ya tatu anaweza kudhani imemponya, kumbe homa ilikuwa inashuka yenyewe.

Bakteria wa nimonia, Streptococcus pneumoniae, hana haja ya kubadilika kila wiki. Yeye hujifunika utando mzito wa sukari uitwao kapsuli. Kwa kawaida damu humwekea bakteria alama za protini ili chembe nyeupe zimkamate na kummeza. Kwa huyu, nyingi ya alama hizo hukaa chini, kwenye ukuta wake, na kapsuli iko juu yake. Chembe nyeupe inapita jirani lakini haifikii cha kushika. Aliyepoteza kapsuli, kama Fred Griffith alivyoonyesha kwa panya huko London mwaka 1928, hawezi tena kuua.

Kingamwili zinazoshika kapsuli yenyewe huvunja kinga hiyo, ila kuna aina zaidi ya 100 za kapsuli, na watoto wa chini ya miaka miwili hawatengenezi kingamwili za kutosha dhidi ya sukari tupu. Ndiyo maana katika chanjo ya watoto sukari hiyo huunganishwa na protini. Kenya ilianza kutoa chanjo ya aina 10 mwaka 2011, na huko Kilifi maambukizi makali ya aina hizo kwa watoto wa chini ya miaka mitano yalipungua kwa asilimia 92. Aina zisizo kwenye chanjo hazikuguswa, na bado hukaa puani mwa watoto.

Virusi vina mbinu nyingine, kwa kuwa huishi ndani ya seli ambamo kingamwili haziingii. Mwili umejiandaa kwa hilo. Kila seli hukata vipande vidogo vya protini zake na kuvitoa nje vikiwa vimeshikwa na molekuli ziitwazo MHC, kama muuza nafaka anavyoweka sampuli mlangoni. Seli T hupita zikikagua. Zikiona kipande cha kirusi, huiua seli hiyo.

Saitomegalovirusi, ambayo watu wazima wengi wa Afrika Mashariki wanayo tangu utotoni bila kuugua, huvuruga maonyesho hayo hatua kwa hatua. Protini yake US6 huziba njia ya kupitishia vipande. US3 huizuia MHC isisafiri kwenda nje. US2 na US11 huirudisha ndani ya seli, ambako huvunjwavunjwa kwa dakika chache. Lakini seli isiyoonyesha chochote nayo hutiliwa shaka, kwani kuna seli za kinga, NK, zinazoua yeyote aliyekosa MHC. Kirusi hujikinga hapo pia. Protini yake UL40 hutoa kipande kinachoiwezesha molekuli moja ya aina hiyo, HLA-E, ibaki nje na kuzituliza NK.

Umuhimu wa hila hizo ulipimwa kwa nyani wa Asia waitwao rhesus, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010 huko Oregon, Marekani. Watafiti waliondoa jeni za kuficha MHC katika kirusi cha nyani hao. Kirusi hicho kiliweza kumwambukiza nyani asiye na maambukizi na kudumu mwilini mwake. Kwa nyani aliyekwisha kuambukizwa zamani kilishindwa, isipokuwa pale seli T zake za kuua zilipoondolewa kwanza. Kirusi kizima, chenye jeni zote, huingia hata kwa mwenye kinga. Kwa sababu hiyo watafiti haohao walikitumia kubebea chanjo ya kirusi cha nyani kinachofanana na VVU, na takriban nusu ya nyani waliochanjwa waliweza kukidhibiti.