Pesa Imeingia, Lakini Imelipa Deni Gani?

Biashara ya mali kauli ina siku moja ambayo mwenye duka hufurahi huku karani wake akikuna kichwa. Ni siku ambayo mteja mwenye ankara kadhaa zilizolala analipa kiasi fulani, hasemi kinalipia nini, kisha anakaa kimya. Taarifa ya benki inaonyesha pesa, ujumbe wa simu nao unaonyesha pesa. Kwenye leja hakuna ankara hata moja yenye kiasi kile.

Mara nyingi chanzo ni njia yenyewe ya kulipia. Nchini Kenya, anayelipa kwa Paybill hukutana na nafasi ya kuandika namba ya akaunti, lakini anayelipa kwa Till haulizwi kitu zaidi ya namba ya duka na kiasi. Lipa Namba ya Tanzania nayo ilibuniwa kwa ajili ya mteja anayenunua na kuondoka na mzigo wake, si kwa mtu mwenye madeni manne. Anayeweka pesa kwa wakala wa benki huandika neno moja tu, "malipo", na wakati mwingine aliyetumwa kuziweka ni dereva au mdogo wa mteja, kwa hiyo hata jina linalosomeka ni la mtu asiyejulikana dukani.

Chukua mfano wa duka la vifaa vya ujenzi mjini Morogoro, linalowapa wakandarasi wadogo mzigo na kuwasubiri siku 21. Mkandarasi mmoja ana ankara nne ambazo hajalipa. Namba 214 ya tarehe 12 Machi ni ya shilingi 840,000. Namba 231 ya tarehe 3 Aprili ni 1,265,000, na namba 239 ya tarehe 19 Aprili ni 610,000. Ya mwisho, namba 252 ya tarehe 6 Mei, ni 1,490,000. Jumla anadaiwa 4,205,000. Tarehe 14 Mei zinaingia benki shilingi 1,840,000, bila maelezo.

Karani mwenye haraka atapata jibu kwa nusu dakika. Ankara ya zamani kuliko zote ni ya 840,000. Ukiitoa kwenye malipo inabaki milioni moja kamili, na milioni kamili inafanana sana na pesa ya kupunguza deni linalofuata. Ataifunga namba 214, atapunguza milioni moja kwenye namba 231 ibaki na 265,000, kisha ataendelea na kazi nyingine.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba halionekani kwenye salio. Mkandarasi atasomeka anadaiwa 2,365,000, na pesa hizo zingewekwa kwenye ankara nyingine yoyote, salio lingekuwa hilohilo. Benki italingana na leja, vitabu vitafunga bila manung'uniko. Kilichoharibika ni maelezo ya deni: lipi limekwisha, lipi limechelewa, lipi lina mgogoro. Nayo ndiyo maelezo ambayo mwenye duka huyatazama anapoamua kama ampe mteja mzigo mwingine au amnyime.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya karani makini ni kutofanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Kuandika kwamba pesa imeingia ni jambo la siku hiyohiyo; kuamua imelipa nini kunaweza kusubiri. Aliyelipa akijulikana, shilingi 1,840,000 zinaingizwa kwenye akaunti yake kama malipo ambayo bado hayajapangiwa ankara. Salio lake linashuka mara moja, hakuna atakayempigia simu kumdai pesa aliyokwisha kutoa, na ankara zote nne zinabaki wazi hadi ukweli upatikane. Asipojulikana aliyelipa, pesa inakaa kwenye akaunti ya kusubiri, upande wa madeni ya duka na si upande wa mauzo. Kuihesabu kama mauzo ni kuliandika pato mara mbili, maana mauzo yale yalikwisha kuandikwa siku ankara ilipotoka.

Baada ya hapo ndipo upelelezi unapoanza, na unaanza na mtu kabla ya kiasi. Jina lililoandikwa benki linalinganishwa na malipo ya miezi iliyopita, kwa sababu mteja aliyemtuma mtu fulani mwezi Februari huenda akamtuma huyohuyo mwezi Mei. Namba ya simu iliyotuma, tawi au wakala aliyepokea, hata siku ya wiki, vyote ni ushahidi. Leja nzuri ina ukurasa mdogo kwa kila mteja unaotaja watu wanaomlipia. Wateja wawili wenye majina yanayofanana wanahitaji uangalifu zaidi, kwani pesa ya mmoja ikiingia kwa mwingine, mmoja atadaiwa kwa uonevu na mwenzake atanyamaza.

Kisha inafuata hesabu. Ankara nne zinaweza kuunganishwa kwa njia 15 tu, moja moja, mbili mbili, tatu tatu au zote kwa pamoja, na karani mwenye kikokotoo anazimaliza kabla chai haijapoa. Katika mfano huu hakuna mchanganyiko unaotoa 1,840,000. Unaokaribia kuliko yote ni namba 231 na namba 239, ambazo kwa pamoja ni 1,875,000. Zimezidi malipo kwa shilingi 35,000.

Tofauti hiyo ndiyo ya kufuatilia. Mteja akilipa pungufu, upungufu huwa na sababu yake, na ukubwa wake hudokeza ni sababu gani. Kiasi kidogo kisicho na mpangilio huwa ni makato ya kutuma pesa. Asilimia kamili hudokeza kodi ya zuio: nchini Tanzania, kampuni inayomlipa mkazi kwa huduma hukata asilimia 5 na kuipeleka Mamlaka ya Mapato, kwa hiyo fundi aliyetoa ankara ya milioni moja isiyo na VAT akipokea 950,000 hajapunjwa. Anapaswa kudai hati ya kodi iliyozuiwa, naye karani aifunge ankara yote kwa pesa pamoja na hati hiyo. Tofauti inayogawanyika sawasawa kwa bei ya bidhaa fulani hudokeza mzigo uliorudishwa.

Dukani Morogoro, mfuko wa saruji katika ankara namba 239 uliuzwa kwa 17,500. Mara mbili ni 35,000. Karani anakwenda stoo, anafungua daftari la mapokezi, na kuona kwamba mwishoni mwa Aprili gari lilirudi na mifuko miwili iliyopasuka. Mtunza stoo aliiandika. Taarifa haikufika ofisini, na hati ya kupunguza deni la mteja haikutolewa. Mkandarasi alikata mwenyewe kile alichokirudisha, akalipa kilichobaki, na kwa upande wake hesabu imekamilika.

Hapo namba 214 nayo inajieleza. Nakala yake ya kupokelea mzigo haina sahihi, na mkandarasi aliwahi kulalamika kwamba nondo zilifika pungufu. Aliiruka kwa makusudi. Namba 252 ilikuwa haijafikisha siku 21. Karani angefuata ile milioni kamili, leja ingeonyesha kwamba mgogoro wa nondo umekwisha, wakati haujaguswa, na kwamba mteja amechelewesha ankara mbili ambazo kwa hesabu zake amezimaliza.

Sheria nayo ina la kusema hapa, na inasema kwa mpangilio unaoeleweka. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ambayo asili yake ni sheria ya India ya 1872, inampa neno la kwanza anayelipa. Akitaja deni, au mazingira yakionyesha wazi ni deni gani, mdai akiipokea pesa hiyo anatakiwa kuiweka hapohapo. Kiasi chenyewe kinaweza kuwa mazingira hayo: mtu aliyedaiwa kwa barua kiasi fulani akaleta kiasi kilekile amekwisha kusema, hata kama hakufungua kinywa. Yasipokuwepo mazingira hayo, mdai anaruhusiwa kuchagua miongoni mwa madeni halali yaliyofika wakati wake. Wote wawili wasipochagua, pesa hufuata tarehe, deni la zamani kwanza. Wenye maduka wengi huikimbilia kanuni hii ya mwisho kana kwamba ndiyo ya kwanza, na hapo ndipo ugomvi mwingi na wateja unapozaliwa.

Hata ushahidi ukiwa mzuri kiasi hiki, unahitaji kuthibitishwa kwa maandishi. Kumuuliza mteja mwenye shughuli nyingi "hii pesa ni ya nini?" ni kumpa kazi, naye ataiahirisha. Ujumbe unaojibiwa ni ule unaokuja na jibu ndani yake: "Habari za kazi, mzee. Tumepokea 1,840,000 tarehe 14 Mei. Tumeziweka kwenye ankara 231 na 239, baada ya kutoa 35,000 za mifuko miwili ya saruji uliyorudisha. Ankara 214 tumeiacha wazi tuzungumze habari ya nondo. Kama sivyo, tujulishe kabla ya Ijumaa." Hati ya punguzo ikishaingizwa, mkandarasi anabaki na deni la 2,330,000, na kiasi hicho ni namba 214 na 252 zikijumlishwa bila kuzidi wala kupungua. Mlingano huo ndio unaomwambia karani kwamba amepata.

Akaunti ya kusubiri isiachwe ijae. Pesa isiyo na mwenyewe ni kichaka kizuri cha mwizi wa ndani, ambaye huchukua malipo ya mteja mmoja na kuziba pengo kwa malipo ya mwingine, wiki baada ya wiki. Dalili yake ni mteja anayesema alikwisha kulipa huku leja ikionyesha alilipa siku nyingi baadaye. Kinga yake ni mtu asiyeshika pesa kuwatumia wateja taarifa za madeni yao kila mwezi. Na anayepiga simu akidai alituma kwa makosa asirudishiwe kupitia namba mpya anayoitaja. Salio likaguliwe kwanza, maana ujumbe wa simu unaweza kughushiwa, kisha pesa irudi ilikotoka kupitia benki au mtandao uliohusika.

Serikali ya Tanzania ililimaliza tatizo hili kwa upande wake kwa kuipa kila bili namba yake ya kumbukumbu, ile ambayo watu wanaiita kontroli namba. Duka dogo halihitaji mitambo ya aina hiyo. Linahitaji namba ya ankara ichapwe kwa herufi kubwa pembeni mwa namba ya kulipia, pamoja na ombi la mstari mmoja kwamba anayelipa aiandike kwenye maelezo au aitume kwa ujumbe. Mwenye duka anayeuza mali kauli aanze na kitabu chake kipya cha ankara.