Mwezi Usiojulikana: Mtoto wa Kwale Katika Jedwali la Udumavu

Mama wa Msambweni akiulizwa mwanawe alizaliwa mwaka gani, mara nyingi hujibu papo hapo. Mwezi huchukua muda zaidi, na siku huenda asiikumbuke kabisa ikiwa kitabu cha mama na mtoto kimepotea au kimebaki kwingine. Mhoji huandika mwaka, kisha kwenye nafasi ya mwezi anaweka 98, maana yake hajui. Kazi yake imekwisha. Mchambuzi atakayepokea takwimu hizo ndiye mwenye uamuzi mgumu: amwondoe mtoto huyo, amjazie mwezi, au amwache na alama?

Uamuzi huo una uzito kwa sababu udumavu hupimwa kwa urefu ukilinganishwa na umri wa miezi. Chukua mfano wa mtoto wa kiume aliyepimwa amelala tarehe 15 Desemba 2023 na kupatikana na sentimita 76.5. Kinachojulikana ni kwamba alizaliwa 2022. Mchambuzi akimjazia Januari, mtoto ana miezi 23, na kwa viwango vya ukuaji vya WHO vya 2006 mpaka wa udumavu kwa umri huo ni sentimita 81.0. Basi amedumaa, tena vibaya. Akimjazia katikati ya Julai, ana miezi 17, mpaka ni 76.0, na mtoto amepita kwa nusu sentimita. Akimjazia mwanzo wa Desemba, ana miezi 12, na hapo urefu wa wastani ni 75.7, kwa hiyo anahesabiwa mrefu kidogo kuliko mwenzake wa kawaida. Mtoto ni yuleyule na kipimo ni kilekile. Mwezi uliobuniwa ofisini ndio uliombadilishia hali.

Ndiyo maana utafiti wa DHS, ambao Kenya iliufanya tena mwaka 2022, hautumii dawa moja kwa kila pengo la tarehe. Siku ikikosekana, hujazwa 15, kwa kuwa kosa kubwa kabisa litakuwa kama nusu mwezi, na kosa hilo halimhamishi mtoto mbali. Mwezi ukikosekana, mtoto haingizwi kwenye jedwali la udumavu. Lakini mwezi huohuo hujazwa kwa kubahatisha, ndani ya mipaka inayoruhusiwa na majibu mengine, kwa ajili ya hesabu za uzazi na vifo, kwa sababu huko tukio linapangwa katika vipindi vya miaka. Kando yake hubaki safu ya `b10`, inayoeleza ni sehemu gani ya tarehe iliyotajwa na mama na ipi iliyojazwa. Yaani kwa swali moja tu, watafiti wa DHS wanajaza, wanaondoa na wanaweka alama, kila moja kwa kazi yake. Huo ndio utaratibu ninaoutetea. Kinachoamua ni hesabu unayotaka kufanya. Ukubwa wa pengo peke yake hautoshi kuamua.

Hata hivyo kuondoa kuna gharama yake, na katika kaunti kama Kwale gharama hiyo hujificha vizuri. Mwezi unaweza kukosekana kwa sababu mbili zilizo mbali sana. Huko bara, tuseme Kinango, mtoto alizaliwa nyumbani, mbali na kituo cha afya, na hakuna karatasi iliyoandikwa. Upande wa Diani, huko Msambweni, mama yuko kazini hotelini, anayejibu ni nyanya, na kitabu mama kakiweka kwake. Wa kwanza huenda ana njaa zaidi kuliko jirani zake; wa pili ana mzazi mwenye mshahara.

Nitaweka tarakimu za mfano, si za utafiti wowote. Kila upande una watoto 100. Kinango, wenye mwezi ni 70, na 21 kati yao wamedumaa: asilimia 30. Msambweni, wenye mwezi ni 80, waliodumaa 20: asilimia 25. Ukiwaondoa wasio na mwezi, utaandika kuwa pengo kati ya sehemu hizi mbili ni pointi 5. Sasa tuseme ukweli ni kwamba katika wale 30 wa Kinango waliodumaa ni 15, na katika wale 20 wa Msambweni ni 2 tu. Kinango inafika 36, Msambweni inashuka hadi 22, na pengo ni pointi 14. Kwa kaunti nzima, makadirio yako ni 27.3 na ukweli ni 29. Anayetazama wastani wa kaunti ataona kosa dogo la kuvumilika. Anayegawa lishe kati ya wadi za bara na za pwani atakuwa amepotoshwa vibaya.

Ukweli huo mchambuzi hauoni, lakini dalili zake anaweza kuziona. Mzunguko wa mkono hauhitaji tarehe kamili ya kuzaliwa: kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 12.5 ni utapiamlo. Uzito kwa urefu nao hauhitaji umri. Kwa hiyo walinganishe wenye mwezi na wasio nao, kila kaunti ndogo peke yake:

```r
d$mwezi_haupo <- d$mwezi %in% c(98, 99, NA)
d$mwezi_safi <- ifelse(d$mwezi_haupo, NA, d$mwezi)
aggregate(muac < 12.5 ~ mwezi_haupo + kaunti_ndogo,
          data = d, FUN = mean)
```

Mistari miwili ya kwanza inahifadhi alama kabla ya kufuta 98 na 99, ili zisije zikasomwa kama miezi. Katika DHS hizo mbili pia hazilingani: 98 ni jibu la mtu asiyejua, 99 ni jibu ambalo halikuandikwa, na nafasi tupu ni swali lisilomhusu. Kwa hiyo safu ya asili iachwe kama ilivyo pembeni. Ikiwa wasio na mwezi wanatofautiana na wenzao kwa mkono, kwa mahali walipozaliwa au kwa elimu ya mama, kuwaondoa kimyakimya hakufai. Mkono na urefu hupima mambo tofauti, kwa hiyo hii ni dalili na haitoshi kuwa kipimo cha kosa lenyewe.

Kujaza kunawezekana iwapo mipaka itabanwa. Hapa kalenda ya matukio inasaidia kuliko programu yoyote, na inafanya kazi mhoji akiwa bado mlangoni. Nyanya akisema mtoto alikuja baada ya Idi ya mfungo na kabla ya uchaguzi, mwaka 2022 unabanwa kati ya mwanzo wa Mei na tarehe 9 Agosti. Mtoto wetu sasa ana miezi 16 hadi 19, na mpaka wa udumavu uko kati ya sentimita 75.0 na 77.7. Kwa 76.5 bado hatujui. Angekuwa na 74.0, amedumaa kwa mwezi wowote, na hakuna haja ya kujaza chochote. Kwa wanaobaki katikati, mwezi hujazwa mara nyingi, tuseme katika nakala 20 za takwimu, kila nakala ikihesabiwa peke yake, ili tofauti kati ya nakala ionekane kwenye kiwango cha shaka. Ujazaji huo lazima utumie urefu, uzito na makazi ya mtoto. Mwezi wa bahati nasibu tupu huongeza wafupi bandia na warefu bandia kwa pamoja.

Kuna pia pengo ambalo halionekani kabisa: mhoji aliyechoka anaweza kubuni mwezi mwenyewe. Larsen, Headey na Masters walieleza mwaka 2019 jinsi ya kulitambua. Panga wastani wa urefu kwa umri kulingana na mwezi wa kuzaliwa. Aliyeandikiwa Januari bila uhakika kwa kawaida alizaliwa baadaye, hivyo anaonekana mfupi kwa umri wake; wa Desemba alizaliwa mapema zaidi, anaonekana mrefu. Mstari ukipanda kutoka Januari hadi Desemba kisha ukaanguka ghafla Januari inayofuata, miezi imebuniwa, ingawa jedwali halina nafasi tupu hata moja. Mchoro huo uchorwe kwa kila mhoji, kabla timu haijaondoka Lunga Lunga, kwa sababu baada ya hapo hakuna wa kurudi kumuuliza nyanya.