Kwa nini sindano haikomi siku ya tatu

Mgonjwa aliyepata donge la damu katika mshipa wa mguu mara nyingi huanzishiwa dawa mbili kwa pamoja, heparini ya sindano na warfarini ya vidonge. Siku ya tatu majibu ya maabara yanaonyesha kuwa kidonge kimeshaanza kazi, lakini muuguzi bado anakuja na sindano. Mgonjwa akiuliza kulikoni, ameuliza swali la haki, na jibu lake limo katika namna damu inavyoganda.

Damu yetu imebeba protini za kugandisha, nyingi zikitengenezwa na ini, ambazo husafiri zikiwa zimelala. Wataalamu wamezipa namba. Mshipa ukikatwa, damu hukutana na protini iliyo katika nyama za nje ya mshipa. Hiyo hushikana na namba 7, na kwa pamoja huamsha namba 10. Namba 10 nayo huigeuza protrombini, yaani namba 2, kuwa trombini. Trombini ndiyo yenye kazi ya mwisho: huikata fibrinojeni ikawa nyuzi zinazonasa chembe za damu, na jeraha likaziba.

Vitabu huonyesha pia njia ya pili, inayoanza ndani ya damu yenyewe kwa namba 12, kisha 11, 9 na 8, na kuishia palepale kwenye namba 10. Mchoro huo unafaa zaidi maabara kuliko mwilini. Mtu aliyezaliwa bila namba 12 huonekana maabara kama vile damu yake haigandi, ilhali hata akifanyiwa upasuaji havuji damu kupita kawaida.

Vipimo viwili vimefuata njia hizo. Damu huchukuliwa katika chupa yenye sitreti, dawa inayoikamata kalsiamu ili damu isigande, kisha chembe hutenganishwa na majimaji. Katika kipimo cha PT, alichokibuni daktari Mmarekani Armand Quick mwaka 1935, mtaalamu huyatilia majimaji hayo tromboplastini na kalsiamu, na saa huanza kuhesabu. Kwa kawaida yataganda baada ya sekunde 11 hadi 13 hivi. Katika PTT hutumika mafuta maalumu na unga kama kaolini unaoamsha namba 12. Hapo kusubiri ni kati ya sekunde 25 na 35. Kwa kuwa tromboplastini za viwanda mbalimbali hazilingani nguvu, PT ya mtumiaji wa warfarini hugeuzwa kuwa INR, ili majibu ya Mwanza na ya Mombasa yalinganishwe. Asiyetumia dawa huwa na INR karibu 1.

Sasa turudi wodini. Warfarini huzuia mwili kuitumia tena vitamini K, na bila vitamini hiyo ini hutoa namba 2, 7, 9 na 10 zilizo dhaifu. Zile nzima ambazo tayari zimo katika damu haizigusi. Hizo zinasubiriwa ziishe zenyewe. Namba 7 hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6 hivi, lakini protrombini huchukua siku mbili hadi tatu kupungua kiasi hicho.

Tuchukue mgonjwa wa mfano, anayemeza miligramu 5 kila jioni. Siku ya kwanza INR yake ni 1.1, siku ya tatu imefika 2.1, ndani ya lengo la 2 hadi 3. Namba hiyo inadanganya. PT imerefuka kwa sababu namba 7 imekwisha, ila protrombini bado ipo ya kutosha kulikuza donge. Isitoshe, warfarini hudhoofisha pia protini C, inayozuia damu kuganda ovyo, nayo huisha mapema. Sindano zikikatwa siku hiyo, donge linaweza kukua au kumeguka likaenda kwenye mapafu.

Heparini ndiyo inayoziba pengo hilo. Haisubiri ini: huipa nguvu protini iitwayo antitrombini, ambayo huzima trombini na namba 10 papo hapo. Ikitolewa kwa dripu, hupimwa kwa PTT, na hospitali nyingi hulenga mara 1.5 hadi 2.5 ya kawaida. Huachwa baada ya siku tano angalau, na INR ikiwa imekaa 2 au zaidi kwa saa 24. Mgonjwa wetu anasoma 2.4 siku ya tano na 2.5 siku ya sita. Hapo sindano inakoma.

Yote haya yanategemea chupa ndogo, kwa kawaida yenye kifuniko cha bluu. Sitreti yake imepimwa kwa sehemu moja dhidi ya sehemu tisa za damu. Ikijazwa nusu tu, sitreti iliyozidi huikamata hata kalsiamu inayoongezwa maabara, sekunde zinarefuka, na daktari anaweza kupunguza dawa isiyostahili kupunguzwa. Ukiona damu haijafika kwenye alama, omba itolewe upya.