Wimbo wa zamani dukani Ihumwa uliomrudishia mzee sauti

Kando ya barabara ya Dodoma kwenda Morogoro, pale Ihumwa, duka lenye benchi la mbao kivulini halikosi watu. Wapo wanaosubiri gari la kwenda mjini, wapo madereva wa malori wanaoshuka kununua maji, na wapo wanaokaa tu kukwepa jua. Sabufa ya mwenye duka huimba tangu asubuhi, na kwa kawaida hakuna anayeisikiliza.

Kisa hiki kinatokea kwenye benchi hilo. Wahusika wake ni wa kubuni, lakini hali yao inafahamika kwa familia nyingi zinazoishi na mzee aliyeanza kupoteza kumbukumbu.

Mwanamke wa miaka 40 ameketi na baba yake, mwenye miaka 74. Wanasubiri gari la kwenda kliniki. Mzee ametulia, mikono magotini, macho chini. Kwa miezi kadhaa amekuwa hivyo. Hulijibu swali kwa neno moja au asijibu kabisa. Majina ya wajukuu yamempotea, na juzi alimwita binti yake kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Nyumbani wameacha kumsemesha. Watoto wanamwogopa, na redio imezimwa kwa sababu binti alidhani kelele zinamchosha.

Dereva wa lori, mtu wa miaka 50 na kitu, anashuka, anasalimia kwa Kigogo alichojifunza njiani, "Mbukwenyi!" Kisha anamgeukia mzee: "Shikamoo baba." Mzee hajibu. Binti anajibu kwa niaba yake na kuomba radhi kwa macho.

Mwenye duka anabadilisha nyimbo kwenye flashi. Linapigwa gitaa la dansi la zamani, wimbo wa Morogoro Jazz wa enzi za Mbaraka Mwinshehe. Dereva, aliyekuwa anahesabu chenji, anaanza kuimba kwa sauti ya chini. Kwenye ubeti wa pili anakosea maneno.

"Siyo hivyo," anasema mzee.

Binti anageuka. Mzee anauimba ubeti wenyewe, mzima, bila kukwama, huku mguu wake wa kulia ukipiga vumbi kwa mapigo. Dereva anacheka, anakaa kwenye benchi, anaufuatisha. Wimbo unapokwisha anauliza, "Baba, huu mliuchezea wapi?" Mzee anamweleza kuhusu Morogoro, ukumbi uliojaa hadi watu wakacheza nje, na suruali ya bogi aliyoazima kwa rafiki yake na kuirudisha imechanika. Binti hajawahi kusikia kwamba baba yake aliishi Morogoro.

Wanazungumza kwa dakika 15 hivi. Kisha mzee anamtazama dereva na kuuliza, kwa upole kabisa, "Wewe ni mtoto wa nani?" Amekwishamsahau. Dereva hashtuki. Anataja jina la baba yake kama vile anaulizwa kwa mara ya kwanza.

Akiinuka kwenda kwenye lori, dereva anamwambia binti, "Dada, wimbo huu nimefundishwa na mzee wangu, alikuwa na kanda yake kwenye gari. Alipofika hali kama hii ya baba, sisi tulimnyamazia. Tulidhani hayupo tena. Nyie msimnyamazie."

Kwa nini wimbo unabaki

Alichokiona binti si muujiza, na hakikumaanisha kwamba baba yake amepona. Demensia, ambayo Alzaima ndiyo aina yake iliyo ya kawaida zaidi, huharibu kumbukumbu kwa mpangilio. Kwanza huguswa uwezo wa kuhifadhi mambo mapya, kama alichokula asubuhi, nani alikuja jana na dereva huyu ni nani. Ya zamani hudumu zaidi, na muziki uliozoeleka tangu zamani hudumu kuliko mengi.

Mwaka 2015 watafiti wa Leipzig, Ujerumani, walichapisha utafiti unaosaidia kueleza sababu. Waliwapigia watu wenye afya nyimbo walizozijua kwa muda mrefu huku wakipiga picha za ubongo wao, wakaona ni sehemu zipi zinafanya kazi. Kisha wakalinganisha na picha za ubongo wa wagonjwa wa Alzaima. Sehemu zinazoshughulika na nyimbo za zamani zilikuwa miongoni mwa zile ambazo ugonjwa huchelewa kuzidhoofisha. Mtu anaweza kushindwa kumtaja mwanawe na bado akaujua ubeti wa pili.

Sababu nyingine ni umri ambao wimbo uliingia. Watu wengi wakizeeka hukumbuka kwa wingi zaidi mambo ya kati ya miaka 10 na 30 ya maisha yao, wakati wa mapenzi ya kwanza, kazi ya kwanza na kuhama nyumbani. Nyimbo za miaka hiyo hushikamana na matukio hayo. Ndiyo maana mzee hakukumbuka wimbo pekee. Alikumbuka ukumbi, rafiki na suruali.

Hapa kwetu ugonjwa huu si wa kigeni. Utafiti uliofanyika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kwa wazee wa miaka 70 na kuendelea, ulikuta takriban 6 kati ya kila 100 wana demensia. Wilayani humohumo watafiti walijaribu tiba ya vikao vya kundi: vikao 14 ndani ya wiki 7, wazee wakikaa pamoja kuzungumza, kucheza michezo ya kuamsha akili na kuimba. Wazee walioshiriki walionyesha nafuu katika uwezo wa akili na katika wasiwasi. Ni tiba isiyotumia dawa, na sehemu yake kubwa ni watu kuzungumza na mzee badala ya kumkalia kimya.

Kuutafuta wimbo wa mzee wako

Kosa la kwanza la familia ni kumpigia mzee nyimbo ambazo watoto wanadhani ni za kizee. Anza na hesabu. Mzee wa kisa chetu, ukichukulia alizaliwa mwaka 1952, alikuwa na miaka 10 mwaka 1962 na miaka 25 mwaka 1977. Hiyo ndiyo miaka ya kutafuta. Mbaraka Mwinshehe alikuwa Morogoro Jazz hadi mwaka 1973, alipoanzisha Super Volcano, na alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1979. Nyimbo zake zinaangukia humo hasa. Mama aliyezaliwa mwaka 1940 atahitaji za mapema zaidi.

Baada ya miaka, uliza mahali na maisha. Si kila mzee alikwenda dansini. Mgogo aliyekulia kijijini huenda akafunguka kwa sauti ya ilimba au zeze, ambazo marehemu Hukwe Zawose alizifikisha mbali duniani, au kwa ngoma ya muheme inayopigwa na wanawake. Mwingine ni tenzi za kanisani, kaswida, au wimbo wa jeshini. Waulize ndugu wa rika lake wangali wanakumbuka.

Kisha jaribu wimbo mmoja kwa wakati mmoja, na umtazame yeye, si simu. Ndani ya dakika mbili au tatu dalili huonekana: kidole kinapiga goti, macho yanainuka, midomo inasogea. Wimbo usioleta chochote mara tatu, uache. Ukimwona anakunja uso, anahangaika au analia kwa uchungu usiotulia, uzime na usiurudie, kwa sababu wimbo unaweza kuamsha msiba kama unavyoamsha harusi. Machozi machache ya kawaida si tatizo, mshike mkono.

Orodha ya nyimbo sita hadi kumi inatosha. Ziweke kwenye flashi au kwenye simu bila matangazo, kwa kuwa sauti ya tangazo katikati humchanganya. Zima televisheni. Sauti iwe ya kiasi ambacho mnaweza kuzungumza juu yake bila kupaza. Kama hasikii vizuri, kabla ya kuongeza sauti mpeleke akaangaliwe masikio. Nta iliyoganda ni tatizo la kawaida kwa wazee na huondolewa kituoni.

Dakika 20 hadi 30 zinatosha, na wakati unaofaa ni kabla ya jambo linalomsumbua. Wengi huhangaika jioni jua likizama, au wakati wa kuogeshwa. Muziki unaolia mchana kutwa hugeuka kelele, kama ile sabufa ambayo hakuna aliyekuwa anaisikiliza.

Mwisho, usimtahini. "Unanikumbuka mimi?" ni swali linalomwaibisha asiye na jibu. Dereva aliuliza, "Mliuchezea wapi?" Swali hilo halina jibu la kukosea. Wajukuu wafundishwe hilo pia. Akirudia habari ya suruali kwa mara ya nne, isikilizwe. Akikosea mwaka, asisahihishwe.

Wimbo usichoweza

Muziki hauzuii demensia isiendelee. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba tiba ya muziki hupunguza huzuni kwa wagonjwa wanaoishi kwenye vituo vya wazee, lakini haionyeshi kuirudisha kumbukumbu iliyopotea. Nusu saa baadaye mzee anaweza kuwa amenyamaza tena.

Wala wimbo usichelewesha hospitali. Usahaulifu wa demensia huja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa sawa jana na leo hajui alipo, anaongea ovyo, au analala mno na ni vigumu kumwamsha, huyo ni mgonjwa wa dharura. Chanzo kinaweza kuwa maambukizi, upungufu wa maji mwilini, sukari kushuka, malaria au kiharusi, na mengi ya hayo hutibika akifikishwa hospitali siku hiyohiyo. Mdomo ukipinda au mkono ukilegea ghafla, msisubiri hata saa moja.

Hata usahaulifu wa polepole unastahili kuchunguzwa mapema, kwa kuwa sonona, matatizo ya tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12 na baadhi ya dawa vinaweza kufanana na demensia, navyo vina tiba. Anzeni kituo cha afya kilicho karibu. Kwa wakazi wa Dodoma, rufaa inaweza kufika Hospitali ya Benjamin Mkapa au Mirembe. Jina la Mirembe lisiwatishe: kumpeleka mzee huko ni kumtafutia daktari wa ubongo na akili, si kumtangaza kuwa kichaa.

Siku ya kwenda, bebeni dawa zote anazotumia, zikiwemo za kienyeji, na mwandike lini usahaulifu ulianza na ulivyobadilika. Ongezeni na kile anachoweza bado: anavaa mwenyewe, anajua njia ya msikitini au kanisani, anaimba wimbo upi hadi mwisho. Daktari huona mengi kwenye orodha hiyo.