Nyumba ya Mibirizi na kodi ya mdomo: nini kitathibitika baadaye?

Wapenzi wa kahawa hulijua jina la Mibirizi kwa sababu ya mbegu iliyopita kwenye misheni ya pale kabla ya kuenea Rwanda nzima. Wenyeji wa Rusizi huijua kwa mambo mawili mengine, parokia iliyoanzishwa mwaka 1903 na hospitali. Hospitali ndiyo inayoleta wapangaji. Wauguzi, mafundi wa maabara na walimu wa shule za jirani hutoka mbali, na nyumba wanazopanga mara nyingi ni za watu ambao hawapo. Mwenye nyumba yuko Kigali, Bukavu au Brussels, na kodi inapokelewa na kaka, shangazi au jirani anayeaminika. Wanakubaliana mlangoni, wanapeana mikono, ufunguo unakabidhiwa. Sisi tulio nje ndio tunaoendeleza mtindo huu kuliko yeyote, kwa sababu tunaona aibu kumtaka ndugu yetu aandike.

Makubaliano ya mdomo si batili. Tangu Sheria Na. 45/2011 ya mikataba, Rwanda inatambua kwamba watu wakikubaliana kwa hiari juu ya jambo halali, makubaliano yao yanawafunga. Kabla ya hapo ilitumika amri ya tarehe 30 Julai 1888, iliyotungwa kwa ajili ya Kongo ya Mfalme Leopold kwa kufuata nyayo za kanuni ya Napoleon, kisha ikavushwa hadi Rwanda wakati wa ukoloni wa Ubelgiji. Katika ukoo huo wa sheria, kupanga kwa maneno matupu kulikubalika tangu zamani. Kilichosumbua siku zote ni namna ya kuthibitisha yaliyosemwa. Kanuni ya Ufaransa ya 1804 ilitoa jibu ambalo leo linachekesha kidogo: wakigombana juu ya kiasi cha kodi, na hakuna risiti yoyote, mwenye nyumba anaaminiwa akila kiapo, isipokuwa mpangaji aombe mtaalamu akadirie thamani. Maneno dhidi ya maneno, na aliyekuwa na nyumba ndiye aliyeaminiwa.

Tuchukue mfano nilioutunga, ingawa kila kipande chake ni cha kawaida huko kwetu. Muuguzi anapanga nyumba ya vyumba viwili karibu na hospitali kuanzia Januari, kwa faranga 25,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anaishi Brussels, na anayepokea kodi ni mdogo wake. Muuguzi analipa miezi mitatu ya mwanzo mkononi, 75,000, shahidi akiwa mke wa huyo mdogo mtu peke yake. Kuanzia Aprili hadi Julai anatuma 25,000 kila mwezi kwa MoMo, kwenye simu ya mdogo mtu. Mwishoni mwa Julai upepo unang'oa mabati ya jiko. Anapiga simu, anaambiwa, "Rekebisha tu, dada, tutakata kwenye kodi." Anatumia 48,000. Agosti hatumi kitu, Septemba anatuma 2,000 ili hesabu ifunge. Oktoba kaka mkubwa anakuja likizo na madai yake: kodi ilikuwa 30,000, ya miezi mitatu ya mwanzo hajawahi kuisikia, na habari za mabati hazimhusu. Miezi tisa kwa 30,000 ni 270,000. Simu inaonyesha 102,000. Basi anadai 168,000. Kwa hesabu ya muuguzi, hadaiwi hata faranga moja.

Shauri dogo kama hili huanzia kwa abunzi, wasuluhishi wa kujitolea wanaokaa kwenye akagari, saba kwa idadi kwa mujibu wa sheria ya 2016. Kuwepo kwa upangaji hakutachukua muda wao. Muuguzi anaishi pale, kiongozi wa isibo anamjua, majirani wanamjua. Hata kama mwenye nyumba angekana, namba za umeme wa Cash Power, ule wa kulipia kabla ambao Mtanzania angeuita LUKU, zimenunuliwa miezi tisa kwa simu ya muuguzi kwa ajili ya mita ya nyumba hiyohiyo.

Kiasi cha kodi nacho kina mwanga. Malipo manne yanayofuatana ya 25,000, yaliyopokelewa bila mtu kuuliza "iliyobaki iko wapi?", yanasema mengi kuliko kiapo. Ile 30,000 itaanguka, na deni linalodaiwa litashuka hadi 123,000, yaani 225,000 ukitoa 102,000.

Ugumu unaanzia kwenye zile 75,000. Sheria ya ushahidi ya Rwanda ya 2004 iliweka wazi kwamba kila upande huthibitisha madai yake. Anayesema "nimelipa" ndiye anayetakiwa kuonyesha malipo. Sheria hiyohiyo ilisema shahidi ni yule anayeeleza alichokiona au kukisikia mwenyewe, na kwamba mahakama haiangalii wingi wa mashahidi bali wanavyolijua jambo na ukweli wao. Muuguzi akileta wenzake kumi wa wodini wanaosema "alituambia amelipa", hawafikii uzito wa shahidi mmoja aliyeona noti zikihesabiwa. Shahidi huyo ni shemeji ya mdai. Akisema kweli, kesi ya 75,000 imekwisha, kwa sababu anasema kinyume cha maslahi ya ukoo wake. Akinyamaza, muuguzi anabaki na hoja ya kimazingira tu: ni mwenye nyumba gani anayekaa miezi mitatu bila kodi, kisha anapokea ya Aprili bila kutaja deni? Hoja ni nzuri, lakini mtu asitegemee hoja pale ambapo karatasi ya mstari mmoja ingetosha.

Mabati ni magumu zaidi. Risiti ya duka inathibitisha kwamba mabati yalinunuliwa, na fundi atasema aliyapigilia. Vyote viwili vinathibitisha kazi, wala havisemi lolote kuhusu makubaliano ya kukata kwenye kodi. Orodha ya simu zilizopigwa itaonyesha dakika walizoongea, maneno hapana. Ushahidi bora alionao muuguzi ni zile 2,000 za Septemba. Hakuna mpangaji anayetuma 2,000 kwa kodi ya 25,000 kama hakuna hesabu nyuma yake, na aliyezipokea hakulalamika. Hata hivyo mdogo mtu anaweza kudai alizichukua kama sehemu ya deni, na hapo msuluhishi anabaki kusoma nyuso.

Kuna jambo la tano ambalo watu wa nje hulisahau. Kaka mkubwa anaweza kusema hakumpa mdogo wake ruhusa ya kupunguza kodi wala kuagiza matengenezo. Ujumbe wa MoMo unaonyesha jina la aliyepokea, kiasi na tarehe. Hauonyeshi alipokea kwa niaba ya nani, wala fedha zilikuwa za nini, isipokuwa mtumaji ameandika.

Msomaji asidhani karatasi ni silaha ya mpangaji peke yake. Geuza kisa: mpangaji anahama usiku akiwa na deni la miezi minne, na akipatikana anadai kodi ilikuwa 15,000 wala si 25,000. Hati ya ardhi itamlinda mwenye nyumba kuhusu umiliki, maana Rwanda ilisajili viwanja vyake karibu vyote kati ya 2009 na 2013. Kuhusu deni haitamsaidia. Na kuhusu hali ya nyumba, nchi ambako wengi wetu tunaishi zinaonyesha jinsi ukimya unavyoweza kumgeukia yeyote. Ufaransa, pasipo orodha ya hali ya nyumba, mpangaji huchukuliwa kuwa aliipokea ikiwa nzima. Ubelgiji ni kinyume: huchukuliwa kuwa aliipokea vilevile alivyoiacha, hata kama vioo vimevunjika. Zote mbili zilianza na kanuni ileile ya Napoleon.

Wengine huogopa kuandika kwa sababu ya kodi ya serikali. Kwa nyumba za bei hii hofu hiyo haina msingi. Kwa viwango vilivyowekwa na sheria ya 2018, nusu ya mapato ya upangishaji huhesabiwa kuwa gharama, na faranga 180,000 za kwanza za mwaka katika kinachobaki hutozwa asilimia sifuri. Nyumba ya 25,000 kwa mwezi huingiza 300,000 kwa mwaka, nusu yake ni 150,000. Kama hana nyumba nyingine anayopangisha, mwenye nyumba anaficha mapato ambayo hayatozwi kitu.

Majirani zetu wameanza kulazimisha maandishi. Sheria ya Uganda ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022 inakubali upangaji wa mdomo, lakini thamani ikifika shilingi 500,000 inataka maandishi, na ujumbe wa kielektroniki unahesabika. Rwanda nayo ina sheria ya ujumbe wa kielektroniki tangu 2010, kwa hiyo simu yako si ushahidi wa mzaha.

Karatasi yenyewe haihitaji mwanasheria. Iandikwe kwa Kinyarwanda, au kwa Kiswahili kama mpangaji ametoka Bukavu, mradi wote wawili wanaielewa. Iseme nani ni mwenye nyumba na nani anapokea kwa niaba yake, na kwenye namba ipi ya simu. Iseme kodi ni kiasi gani, kwa tarakimu na kwa maneno, inaanza lini, na ni miezi mingapi imeshalipwa siku hiyo. Matengenezo yapewe sentensi yake: nani anaidhinisha, na kama fedha zitakatwa kwenye kodi. Halafu muda wa notisi, na maelezo mafupi ya hali ya nyumba, pamoja na picha za mabati, milango na mita. Ziwe nakala mbili zenye sahihi za wote, kila mmoja abaki na yake. Nakala moja inayokaa kwa mwenye nyumba ni ushahidi wa mwenye nyumba peke yake. Shahidi awe mmoja kwa kila upande, na awe mtu aliyekuwapo fedha zilipotoka mkononi.

Na kama umeshapanga kwa mdomo, hujachelewa. Ukituma kodi ya mwezi ujao, mwandikie anayepokea: "Nimetuma 25,000, kodi ya Novemba ya nyumba ya Mibirizi. Kama tulivyokubaliana, 48,000 za mabati zimekatwa Agosti na Septemba, sidaiwi kitu hadi leo. Nithibitishie tafadhali." Akijibu "sawa", umepata maandishi. Akikataa, bora mgombane Novemba hii, fundi akiwa bado anakumbuka na shemeji bado yupo kijijini, kuliko miaka mitatu baadaye. Wewe uliye nje, mpigie mdogo wako leo, na umtumie maneno hayohayo.