Inaangukia Wapi?

Nilipoanza kukusanya tanakali za sauti nilikuwa na daftari moja na mpango niliouona wa maana sana. Ukurasa huu wa wanyama, ule wa maji, ule wa mashine, ule wa watu. Kila neno lingeandikwa chini ya kitu kinachotoa mlio wake. Mpango huo ulidumu mpaka alasiri moja nilipomuuliza bibi yangu, "Bibi, nazi ikianguka inaliaje?" Hakunijibu. Aliendelea kupeta mchele wake, kisha naye akaniuliza: "Inaangukia wapi, mjukuu wangu?"

Swali lake lilinivurugia daftari. Nazi ikitua penye ardhi ngumu huanguka pu! Ikitumbukia kisimani ni chubwi! au tubwi! Ikiangukia tope la kando ya mfereji ni tapwi! Na kwenye mchanga mkavu au vumbi, wengi watasema tifu! Nazi ni ileile moja, na mnazi ni uleule. Kinachobadilisha neno ni mahali palipoipokea. Jiwe, kikombe au mtoto mtundu akitumbukia majini, neno ni hilohilo chubwi. Kwa hiyo nilifuta kichwa "Vitu vinavyoanguka" nikaandika "Maji", "Tope", "Vumbi" na "Ardhi ngumu", na maneno yakakaa pake bila ugomvi. Hata neno tifu lilinifikirisha upya, maana wakulima huita udongo laini usioshikamana tifutifu. Sidhani kama hiyo ni sadfa.

Tangu hapo niliacha daftari nikahamia kwenye vikadi, kwa sababu kadi huhamishika. Juu ya kila kadi naandika kwanza kitenzi, wala si tanakali yenyewe. Tanakali ya Kiswahili mara nyingi haitembei peke yake, ina kitenzi chake: anguka chubwi, mwagika mwaa, lia kwikwi, dondoka ndo ndo ndo. Chini ya kitenzi naandika kilichogonga, kilichogongwa, na neno limerudiwa mara ngapi. Ndo! mara moja ni tone moja. Ndo! ndo! ndo! ni bomba linalovuja usiku kucha na kukunyima usingizi. Sauti ikivutwa, kama puu badala ya pu, naandika hivyohivyo nilivyosikia, kwa kuwa msemaji anakuwa ameongeza uzito wa mzigo kwa kurefusha irabu tu.

Sehemu ya maji ndiyo iliyojaa kuliko zote. Humo mna methali nzima iliyojengwa kwa tanakali mbili: chururu si ndo ndo ndo. Weka ndoo chini ya bomba uone. Chururu ni maji yanayoteremka mfululizo bila kukatika. Ndo ni tone, kisha kimya, kisha tone jingine. Methali hiyo inapima maji kwa sikio, na anayejua foleni ya bombani haelezwi tofauti yake. Tena tanakali hizi zina jamaa zake katika vitenzi: chururu na chururika, ndo na dondoka. Lipi lilimzaa mwenzake si rahisi kusema, lakini kwenye kadi nayaweka pamoja.

Kwa upande wa mashine mambo ni tofauti, kwa sababu huko mlio huishia kuwa jina la kitu chenyewe. Pikipiki ni mlio wa injini yake, na wako wazee waliokuwa wakiiita tukutuku. Trekta ni tingatinga. Hata mtu ameshapewa jina la namna hii: Hamed bin Muhammed, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyefariki Zanzibar mwaka 1905, alijulikana kwa jina la Tippu Tip, na kwa maelezo yake mwenyewe jina hilo lilitokana na mlio wa bunduki zake. Wengine wanasema ni kwa sababu alikuwa akipepesa macho.

Hapa ndipo mkusanyaji hudanganyika, maana kurudiwa kwa neno hakulifanyi kuwa tanakali. Daladala lina sura yote ya mlio wa gari bovu, lakini linaelezwa kuwa limetoka kwenye "dala", jina la mtaani la sarafu ya shilingi tano. Bodaboda nalo ni habari ya mpakani, la Kiingereza lililogeuzwa, kutoka kwa waendesha baiskeli waliovusha watu kati ya Kenya na Uganda. Yote mawili niliwahi kuyaandikia kadi, na yote mawili nimeyatoa.

Kosa jingine ni kukusanya kutoka vitabu vya mazoezi ya shule. Kwa miaka mingi watoto wa Kenya wamekariri orodha ndefu za tanakali kwa ajili ya mtihani, na zimo humo zile ambazo sijapata kumsikia mtu akizitamka nje ya darasa. Afadhali kumwacha mtu asimulie ajali aliyoiona. Ukimwuliza kavukavu, "Mlango unaliaje?", atakupa neno la kukuridhisha tu. Akisimulia, tanakali humtoka pamoja na mkono, na sauti hupanda pale pale penye neno. Mkono nao nauandika pembeni mwa kadi.

Baada ya miezi kadhaa nilibaki na rundo ambalo halikupata pa kukaa. Nyeupe pe. Nyeusi ti. Giza totoro. Lala fofofo. Nuka fee. Nyamaza jii. Niambie, ni nini kinacholia katika weupe? Na jii inaigaje mlio, wakati kazi yake ni kueleza kwamba hakuna mlio? Mwaka 1935 mtaalamu wa lugha za Kibantu, Clement Doke, alilipa kundi hili lote jina moja, ideofoni, likijumuisha maneno yanayoiga sauti na yale yanayochora rangi, harufu au hali. Wajapani wamelitenga kwa majina mawili: giongo kwa yanayoiga sauti, gitaigo kwa yanayochora hali. Nao wana neno lao la kimya kizito, shiin, jamaa wa jii yetu.

Kabla ya kulikubali neno lolote katika rundo hilo nalijaribu mara mbili. Kwanza natazama kama linakubali viambishi. Tunasema mtu mweupe pe, vikombe vyeupe pe, kumekuwa kweupe pe. "-eupe" inabadilika kila mara, "pe" haigusiki. Kisha nalikanusha. Sema "hakuanguka chubwi" mbele ya watu uone wanavyokutazama. Tanakali ipo ili kulionyesha tukio kana kwamba linatendeka mbele yako, na tukio ambalo halikutendeka halina cha kuonyeshwa. Neno likikataa majaribio yote mawili, napata imani nalo.

Rundo lile lisilo na mlio sasa lina sanduku lake, na limelizidi sanduku la wanyama, ambalo nilidhani ndilo lingekuwa kubwa. Msomaji, ukisikia tanakali huko kwenu ambayo hujawahi kuiona kitabuni, usiandike neno peke yake. Andika kitenzi chake, na umwulize aliyesema: inaangukia wapi?