Kwa nini hewa hubanduka ukutani mwa bomba linalopanuka

Difyuza ni kipande cha bomba kinachopanuka taratibu ili hewa au maji yanayopita ndani yapunguze mwendo na shinikizo lipande. Huwekwa mbele ya feni, kwenye njia ya kutokea ya turbini ya maji, na ndiyo nusu ya pili ya mita ya venturi.

Tuseme difyuza ya mviringo ina kipenyo cha milimita 100 mwanzoni na milimita 141 mwishoni, hivyo eneo la njia linakuwa maradufu. Hewa inaingia kwa mita 30 kwa sekunde. Mita moja ya ujazo wa hewa hiyo ina uzito wa kilo 1.2 hivi, na nishati ya mwendo wake ni sawa na shinikizo la paskali 540. Eneo likiwa maradufu, mwendo unashuka hadi mita 15 na nishati inabaki robo, paskali 135. Zile 405 nyingine zinageuka kuwa shinikizo.

Hesabu hiyo inachukulia kwamba hewa yote inakwenda kwa mwendo mmoja, jambo ambalo halitokei kamwe. Ludwig Prandtl alieleza mwaka 1904, katika kongamano la wanahisabati mjini Heidelberg, kwamba hewa inayogusa ukuta imesimama kabisa, na mwendo unaongezeka kadiri mtu anavyotoka ukutani mpaka unalingana na ule wa katikati. Ukanda huo mwembamba ndio tabaka la mpaka.

Shida inaanzia hapa. Tabaka ni jembamba kiasi kwamba shinikizo ndani yake ni karibu sawa na la katikati, kwa hiyo ongezeko lile lile la shinikizo linaikabili hewa yenye kasi na hewa dhaifu bila upendeleo. Hewa iliyo karibu na ukuta ikienda kwa mita 15 kwa sekunde, ina paskali 135 tu za kutumia, wakati mbele kuna mpando wa 405. Ni kama baiskeli iliyoachiwa ipande kilima bila kupigwa pedali: iliyofika na mwendo mdogo husimama njiani, kisha hurudi nyuma. Tabaka likianza kurudi nyuma ukutani, mkondo mkuu hauna tena cha kushikamana nacho, nao hubanduka.

Kinacholiokoa tabaka ni kuvutwa na hewa ya jirani yenye kasi. Katika mtiririko tulivu mnato peke yake hufanya kazi hiyo, na haufiki mbali. Katika mtiririko wa msukosuko, vizingia huleta hewa ya kasi hadi ukutani, ndiyo maana tabaka la msukosuko huvumilia zaidi. Ila uvutaji huo unahitaji nafasi. Difyuza yetu ikipanuka kwa pembe ya jumla ya nyuzi 7, ina urefu wa milimita 335 hivi. Ikifanywa ya nyuzi 20, urefu unabaki milimita 116: mpando ni ule ule, lakini hewa dhaifu imepewa theluthi moja tu ya njia ya kusaidiwa. Hapo kubanduka ni jambo la kutarajiwa.

Hata pasipo kubanduka, tabaka linadai sehemu yake. Unene wa usogezo ni kipimo cha deni hilo: umbali ambao ukuta ungesogezwa ndani ili mkondo wenye mwendo mmoja upitishe kiasi kile kile cha hewa. Si unene wa tabaka lenyewe, ambalo kwa kawaida ni nene mara kadhaa zaidi. Ukiwa milimita 1 mwanzoni na 6 mwishoni, hewa ya katikati inaona bomba la milimita 98 linalopanuka hadi 129. Eneo linaongezeka mara 1.73, si mara mbili. Mkondo wa katikati unatoka na mita 17.3 kwa sekunde, na shinikizo linapanda kwa paskali 360 badala ya 405.

Unene huo una tabia ya kupendeza: unapokua, unaubana mpanuko na kupunguza ukali wa mpando, kana kwamba tabaka linajihami. Lakini tabaka nene pia ni dhaifu zaidi. Kwa hiyo difyuza iliyofungwa mara tu baada ya kona, au baada ya bomba refu, hupokea tabaka lililokwisha nenepa na hutoa shinikizo pungufu kuliko ile ile ikilishwa na mdomo laini.

Fundi hujua kwa kutoboa vitundu vya kupimia shinikizo kandokando ya ukuta. Mchoro wa vipimo ukipanda kisha ukalala kabla ya mwisho wa difyuza, mkondo umebanduka pale unapolala. Nyuzi fupi zilizobandikwa ukutani huelekea nyuma mahali hapo, na mkondo mkuu mara nyingi huegemea upande mmoja, pengine ukihamahama na kulitikisa bomba.